Spota Si Msee wa Kutumwa Maji

Wasee wa mjengo, leo naongea na nyinyi. Nilipoacha chuo nilifanya vibarua kwa saiti kadhaa kabla hizi video zianze kunilipa, na kuna kitu bado hunikera. Saiti inakodi eskaveta ya tani 20, halafu spota, yule msee wa kumwongoza opareta, anatumwa kuchota maji.

Angalia hiyo mashine vizuri. Kebini iko kushoto, na mkono wa kuchimba uko kulia kwake, kwa hivyo unamziba opareta sehemu kubwa ya upande wa kulia. Nyuma kuna ule uzito wa chuma wa kubalansi. Vioo na kamera husaidia, lakini akichimba, macho yake yako kwa ndoo.

Sasa chukua mtaro wa maji taka kando ya ukuta. Ukuta uko kulia kwa opareta, lori liko kushoto. Kibarua anaona minyororo imetulia, anadhani mashine imesimama, anapita kati yake na ukuta. Opareta amejaza ndoo, anazungusha kushoto amwage kwa lori. Mbele ikienda kushoto, nyuma inaenda kulia, kwa ukuta, na huyo kibarua yuko hapo katikati. Kengele ya rivasi hailii, kwa sababu mashine hairudi nyuma, inazunguka tu. Riflekta nayo haisaidii mahali hakuna anayekuona.

Kwanza, hiyo nafasi izibwe kwa vizuizi. Mashine ikizunguka, ibaki zaidi ya nusu mita kati yake na ukuta, lakini hiyo nusu mita si njia ya watu.

Pili, spota awe mmoja na asiwe na kazi ingine. Asimame nje ya duara la mashine, mahali opareta anamwona uso. Wakubaliane ishara asubuhi. Opareta akimpoteza machoni hata kidogo, anasimamisha kila kitu.

Na kama lazima mtu aingie kupima mtaro? Anangoja nje. Spota anapiga ishara ya kusimama. Opareta anashusha ndoo chini kabisa, anafunga ile lifa ya usalama kando ya kiti, anaachilia mikono na kuonyesha dole gumba. Hapo ndipo mtu anaingia. Hakuna kuchimba tena mpaka spota amwone ametoka.

Fomeni atasema mnachelewesha kazi. Mwambie sheria ya usalama kazini ya 2007, kifungu cha 14, inakutaka uripoti hatari kubwa, na mwajiri hawezi kukulazimisha urudi hapo kabla hajairekebisha. Najua kibarua wa siku anaogopa kuambiwa asirudi kesho. Ndiyo maana nataka opareta aanze: kama spota hayuko, usiwashe mashine. Wewe hawawezi kukubadilisha kwa dakika tano.