Wimbi lililonidanganya

Fundi alinipigia simu jioni. "Kaka, mkanda wa taa umeisha. Mawimbi mawili sijayagusa, na la tatu limefika nusu." Lilikuwa bango la duka lenye mawimbi manane ya mapambo chini ya maandishi. Urefu wa mkanda niliupiga kwa programu yangu mwenyewe, nikaongeza nusu mita ya akiba. Sasa mita mbili na zaidi hazipo, na bango lilitakiwa kesho yake.

Kila wimbi lilikuwa mkunjo mmoja wa Bézier wa daraja la tatu, yaani mkunjo unaochorwa kwa nukta nne. Unaanza kwenye ya kwanza na kuishia kwenye ya nne. Mbili za kati huuvuta tu, bila kuguswa. Wimbi langu, kwa sentimita, lilikuwa hivi: (0,0), (20,60), (40,−60), (60,0). Linapanda, linashuka, linarudi.

Urefu wa mkunjo kama huu kwa kawaida hauna fomula fupi. Ndani ya hesabu kuna kipeuo cha pili cha polinomia ya daraja la nne, na hakifunguki kirahisi. Kwa hiyo tunakadiria: tunapima mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, tuuite kamba, kisha tunaugawa mkunjo katikati na kupima kamba mbili. Zikitofautiana sana na ile moja, tunaendelea kugawa pale tu palipopinda. Zikikubaliana, tunaacha.

Hapo kwenye "zikikubaliana" ndipo nilipoumia. Kamba ya wimbi zima ni 60. Katikati ya wimbi ni nukta (30,0), ambayo imelala juu ya kamba hiyohiyo. Kamba mbili za nusu ni 30 na 30, jumla 60. Tofauti ni sifuri kamili! Programu ikaridhika hatua ya kwanza na kuandika 60, wakati urefu halisi ni karibu 95.7. Mara nane, pengo ni kama mita 2.86. Ndani ya jumla ya bango zima sikuliona, na majaribio yangu yote nilikuwa nimeyafanya kwa robo duara, ambayo haina tabia hii.

Usiku ule nilielewa kwamba makadirio mawili yanaweza kukubaliana kwa sababu yote mawili ni vipofu wa jambo lilelile. Nilihitaji kipimo kisichoweza kuwa kifupi kuliko mkunjo.

Kipo, tena ni cha bure. Unganisha nukta nne kwa mistari mitatu, tuiite fremu. Kamba haiwezi kuzidi mkunjo, kwa kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote. Fremu nayo haiwezi kupungukiwa. Kanuni ya Paul de Casteljau, aliyekuwa Citroën, hugawa mkunjo kwa kutafuta katikati ya kila mstari, kisha katikati ya hizo katikati. Kila mgawo hukata kona za fremu, na kukata kona hufupisha njia. Ukiendelea kukata, fremu hulala juu ya mkunjo wenyewe. Urefu wa kweli, basi, umebanwa katikati ya viwili hivi.

```python
def urefu(p, e, kina=0):
    kamba = math.dist(p[0], p[3])
    fremu = sum(math.dist(p[i], p[i+1]) for i in range(3))
    if fremu - kamba < e or kina == 20:
        return (kamba + fremu) / 2
    a, b = gawa(p)
    return urefu(a, e/2, kina+1) + urefu(b, e/2, kina+1)
```

Nililirudia wimbi lilelile. Mwanzoni kamba ni 60 na fremu ni 248.15, pengo hilo linapiga kelele lenyewe. Baada ya kugawa mara moja, kamba bado ni 60, imeganda vilevile, lakini fremu ni 135.36. Vikiwa vipande vinne, kamba ni 90.31 na fremu 101.54. Wastani wake ni 95.93, umeshakaribia kabisa.

Kosa linaloruhusiwa, `e`, hugawanywa nusu kila mkunjo unapogawanywa, ili makosa ya vipande vyote yasizidi lile niliolianza nalo. Kikomo cha `kina` nacho kina kazi: ukiomba usahihi kuliko tarakimu za kompyuta zinavyoweza kubeba, pengo halitashuka vya kutosha na programu itagawa bila mwisho. Ila ikifika kikomo inapaswa kukuambia, maana pale ahadi ya usahihi imevunjika. Hii niliyoandika hapa bado inanyamaza.

Asubuhi tulinunua mita mbili na nusu, mkanda ukatosha. Robo duara bado naijaribu, lakini wimbi ndilo la kwanza.