Jua Moja, Rangi Mbili

Mama yangu analima mwani Paje. Kila bamvua, maji yakikupwa, yeye na wenzake huingia pwani asubuhi na kutoka jua likiwa utosini. Baada ya miaka ya kazi hiyo, nywele zake za mbele zimekuwa rangi ya makumbi ya nazi. Jirani akamwambia damu imempungukia. Mama akaamini, na pesa ya mwani ikaanza kuishia kwenye chupa za dawa ya kuongeza damu.

Nilimketisha barazani nikamfumua mabutu. Karibu na ngozi ya kichwa, nywele zilikuwa nyeusi tititi. Wekundu ulianza mbele kidogo na kuzidi kuelekea nchani. Kisogoni, ambako kanga haibanduki, haukuwepo kabisa. Unywele huota ukisukumwa kutoka shinani, kwa hiyo mwili ukikosa lishe, rangi hubadilika tangu huko, wala haichagui upande wa kichwa. Unaoanzia nchani, tena upande uliokaa wazi, umetoka nje. Hata hivyo tulikwenda kupima damu, kwa kuwa nywele hazisomi damu. Ilikuwa sawa.

"Mbona basi jua hilohilo linanizidisha weusi usoni?" aliniuliza.

Ngozi ina uhai. Ikichomwa, hutengeneza melanini zaidi ili kujikinga. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai. Miale ya urujuanimno huivunja melanini iliyomo, na hakuna ya kuziba pengo. Miale hiyo hula pia protini inayoushikilia unywele, ndiyo maana zake zilikuwa kavu, zenye ncha zilizopasuka, na zikikatika kwenye kitana. Maji ya chumvi na kuzichana zikiwa zimekakamaa huongeza hasara.

Alikuwa akijipaka mafuta ya nazi kabla ya kutoka, akidhani yanazuia jua. Mafuta hayo huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, lakini kwa jua kinga yake ni ndogo. Kinga ni kitambaa. Kanga kuukuu iliyolowa hupitisha mwanga mwingi kuliko kavu, nayo humteleza akiinama kufunga kamba. Sasa anasuka, anapaka mafuta usiku, kisha anafunga kilemba cha tabaka mbili hadi kwenye paji la uso, na juu yake kofia pana ya ukili. Akirudi, anasuuza chumvi kwa maji baridi kabla haijakauka.

Zilizokwisha kuwa nyekundu hazitarudi. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, nasi tunapunguza ncha kidogokidogo. Mwezi wa tatu, weusi wa mbele umefika upana wa vidole viwili. Pesa ya dawa ya damu imenunua kamba mpya za mwani.