Wastani Hauombwi Mikono Mitupu

Kila muhula unapokaribia ukingoni hunijia ujumbe wa aina moja: "Shikamoo Mwalimu. Je, wastani wangu utakuwa ngapi, na nitafaulu?" Mwulizaji hataji alama zake, uzito wa kila kazi, wala kiwango cha kufaulu. Wapo wenzangu wanaolicheka swali hilo. Mimi naliona kuwa ni ushahidi, na mara nyingi ushahidi huo haumshitaki mwanafunzi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amepata asilimia 50 katika jaribio, 80 katika kazi ya semina na 35 katika mtihani wa mwisho. Akijumlisha na kugawanya kwa tatu anapata 55, naye analala usingizi mnono. Lakini kugawanya kwa tatu ni kudai kwamba kazi zote zina uzito sawa. Tuseme somo limepangwa hivi: jaribio 20, semina 20, mtihani 60. Jaribio litamchangia 10, semina 16 na mtihani 21. Jumla yake ni 47. Hakuna alama iliyobadilika. Pengo la 8 limeletwa na uzito peke yake.

Hata hiyo 35 yahitaji maelezo. Ikiwa ni 35 kati ya 100, huingia kama 21. Ikiwa mtihani ulisahihishwa moja kwa moja kwa alama 60, basi 35 huingia nzima, na jumla inakuwa 61. Ndiyo maana kabla ya hesabu yoyote huuliza: kati ya ngapi?

Turudi kwenye 47. Je, amefaulu? Namba hiyo haisemi. Kiwango kikiwa 40, amevuka. Kikiwa 50, anarudi kufanya mtihani wa marudio. Tena zipo kanuni zinazomtaka mtahiniwa afikie kiwango fulani katika mtihani wa mwisho peke yake, hata kama jumla inatosha.

Sasa, kwa nini mwanafunzi haviji na vitu hivyo vitatu? Wapo wazembe, sikatai. Lakini wengi niliowauliza walinijibu kwamba mwongozo wa somo hawakupewa, na majaribio yao hayakurudishwa. Kabla ya mtihani, mwanafunzi huyu alikuwa na 26 kati ya 40. Angelijua hilo, pamoja na kiwango cha 50, angelijua pia kwamba anahitaji 24 kati ya 60, yaani asilimia 40, na angeligawa wiki zake za kusoma ipasavyo. Aliyenyimwa uzito wa alama zake amenyimwa nafasi ya kujiokoa mapema, na hata haki ya kukata rufaa inabaki jina tu, kwa kuwa hana cha kulinganisha. Uzito na kiwango viandikwe na kukabidhiwa wiki ya kwanza, na alama zirudishwe kabla ya mtihani.