Wimbo wa Toba na Ubeti wa Mwisho: Tajiriba ya Mtunzi

Kwaya ya kanisa ninamosali iliwahi kuniomba niitungie wimbo wa toba kwa ajili ya ibada ya Jumatano ya Majivu. Nafasi yake katika ibada ilikuwa imekwisha kupangwa: wimbo ungefuata kimya cha kujichunguza, kisha waumini wangetamka ungamo la pamoja, na hatimaye kasisi angetangaza ondoleo la dhambi. Nilidhani kazi ingekuwa nyepesi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kuhesabu mizani na kupanga vina, na msamiati wa majuto ni mwingi katika Kiswahili. Makala haya yanaeleza jinsi wimbo huo ulivyoniharibikia mara mbili, na sababu zake, ambazo naona ni za kifani zaidi kuliko za kiimani.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na beti tano za mizani kumi na sita, nane kila upande, na kibwagizo hiki:

Mimi ni mwenye makosa, nimezama kwenye tope.

Hesabu ya mizani ni kamili. Kosa limo katika kitenzi. Kiambishi -me- hudokeza tendo lililotimia ambalo aghalabu hali yake ingali inaendelea. Aliyezama bado yumo topeni. Aidha, kibwagizo hurudiwa. Kwaya yetu hukiimba mara mbili baada ya kila ubeti, kwa hiyo katika beti tano mwimbaji angetangaza mara kumi kwamba yumo topeni, na la kumi ndilo lingekuwa neno la mwisho masikioni mwake. Nilikuwa nimeiweka faraja katika ubeti wa tano, ilhali kibwagizo kilikuja baada yake na kuifuta. Katika wimbo wenye kiitikio, kinachokumbukwa na mwimbaji ni kiitikio. Mtunzi akikijaza dhambi, beti haziwezi kumwokoa.

Niliirudia Zaburi. Miongoni mwa zaburi saba ambazo mapokeo ya Kanisa huziita za toba, ile ya 51 huomba rehema katika aya yake ya kwanza kabisa, kabla ya kosa kutajwa. Ile ya 130 huanzia vilindini, lakini kufikia aya ya nne msamaha umekwisha kutajwa, na aya mbili za mwisho humwelekea Mungu na atakalolitenda. Zaburi ya 88, ambayo haimo katika saba hizo, hukomea gizani. Inayo haki yake ya kuwamo katika Biblia, ila si kielelezo cha wimbo wa kuwapeleka waumini kwenye ungamo. Nilikumbuka pia kwamba neno toba limetokana na Kiarabu, na kwamba katika lugha hiyo shina lake lina maana ya kurejea. Majuto hutazama nyuma. Toba ni mwendo. Basi kibwagizo kikawa:

Bwana u mwenye huruma, nipokee narejea.

Sasa beti ziliweza kuitaja dhambi bila kupunguza makali yake, kwa kuwa kila ubeti ungepokewa na huruma. Nililiepuka neno dhambi lenyewe, kwani ujumla wake humruhusu mwimbaji kujificha. Badala yake nilitaja matendo:

Jirani kaja usiku, akabisha nikalala,
Masikini kila siku, nilimpita kwa hila,
Ahadi zikawa chuku, mdomoni tele sala,
Bwana u mwenye huruma, nipokee narejea.

Katika ubeti huu makosa yamewekwa katika -li- na -ka-, yaani wakati uliopita na masimulizi. Yametendeka kweli, lakini hayasemwi kuwa ndiyo hali ya mtu. Kinachoendelea sasa ni kurejea tu.

Uharibifu wa pili ulitokea katika ubeti wa mwisho, nami sikuuona. Nilitaka mazungumzo yaondoke kwa nafsi ya kwanza yaelekee ya pili. Sikuweza kuandika "umenisamehe", maana ondoleo lilikuwa halijatangazwa, na si kazi ya kwaya kumtangulia kasisi. Nilichagua hu- ya mazoea, inayoeleza tabia ya mtenda bila kuifunga katika wakati wowote. Mstari ukasomeka hivi:

Wewe husamehe wote, wajao kwako kwa toba.

Katika zoezi la pili, mama mmoja wa sauti ya pili aliinua karatasi yake. Wenzake walijua kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa hakaribii meza ya Bwana, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa tunamwambia Mungu kwamba hasamehe wote. Hao anaowaacha ni akina nani?"

Vijana walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu alikuwa amesoma sawasawa. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu hubadili kiishio chake katika ukanushi wa wakati uliopo: "hufuta" ni mazoea, "hufuti" ni kukana. Vitenzi vingi vilivyotoka katika Kiarabu havibadiliki. Hivyo "wewe husamehe" ni umbo moja lenye maana mbili zinazopingana: ni desturi yako kusamehe, na, wewe hutoi msamaha. Katika mazungumzo, muktadha hutatua utata huo upesi. Katika wimbo, sauti hufuata noti, na mwenye hofu hutatua utata kwa kufuata hofu yake. Neno "wote" nililoliongeza kwa ukarimu ndilo lililouzidisha ubaya, kwa kuwa "husamehe wote" katika ukanushi huacha watu nje.

Tangu siku hiyo nimekuwa na jaribio dogo: kila kitenzi cha Mungu katika wimbo wa toba nakisoma kama angalikisoma mtu aliyekata tamaa. Kikikubali maana yake, nakibadilisha. Ubeti ukawa:

Nikianguka popote, u nami karibu Baba,
Hupokea watu wote, wajao kwako kwa toba,
Hufuta madoa yote, kwa damu ya msalaba,
Bwana u mwenye huruma, hakika wanipokea.

"Hupokea" haliwezi kuwa "hupokei", wala "hufuta" haliwezi kuwa "hufuti". Kipande cha mwisho cha kibwagizo nacho kimebadilika mara hii moja tu. Mara zote za awali kilikuwa ombi, "nipokee". Sasa ni kauli ya kuarifu, "wanipokea". Kitenzi ni kilekile na kina hakikuguswa, kwa hiyo sikio hulitambua badiliko bila kuelezwa. Wala kauli hiyo haimtangulii kasisi. Katika Luka 15 baba humkimbilia mwanawe na kumkumbatia katika aya ya 20, na mwana huungama katika aya ya 21. Kupokewa kunaweza kulitangulia ungamo. Kutangaza ondoleo tuliliacha mahali pake.

Uamuzi huu una mpaka wake. Hakikisho la namna hii hushika tu iwapo beti za kati zimetaja makosa yanayotambulika. Niliwahi kujaribu kuuimbisha ubeti wa mwisho peke yake, ukasikika kama pongezi.

Jumatano ile wimbo uliimbwa mara moja, polepole, bila ngoma. Yule mama aliimba hadi mwisho. Mengine yaliyompata hayakuwa katika mikono ya mtunzi, wala si haki yangu kuyaandika.