Baiti mbili za kwanza hazidanganyi

Wasee, ukifungua faili ya majina upate Kichina, usiifute. Juzi nilitumiwa orodha ya timu yetu ya mtaa, na Juma akaanza na 䨀. Data ilikuwa poa. Shida ni skripti iliyolazimisha `utf-16-be`.

Kwa UTF-16, herufi J ni baiti mbili, 4A na 00. Kuna faili zinaanza na baiti ndogo (4A 00), zingine na kubwa (00 4A). Ukizisoma kinyume, J inageuka 䨀.

Ndiyo maana faili nyingi hubeba alama mwanzoni. FF FE inasema ndogo kwanza, FE FF inasema kubwa kwanza. Yetu ilikuwa na FF FE, kwa hivyo tuliandika tu hivi kwa Python:

```
open("timu.txt", encoding="utf-16")
```

Hapo Python inasoma alama, inachagua mpangilio, kisha inaitoa kwa maandishi.

Ukiandika pia, tumia `utf-16`, inaweka alama yenyewe. `utf-16-le` haiweki, so unayemtumia atabaki kukisia. Mimi naona huo ni uchoyo wa baiti mbili tu.