Ukoko Mweusi

Msomaji wangu, nikiri kwanza kwamba tangu utoto wangu sikupenda kitu kama ukoko mweusi wa mbavu za mbuzi. Lakini tazama makaa. Tone la mafuta likiangukia kaa jekundu, ulimi wa moto huruka, na moshi mzito hupanda ukiwa umebeba sumu iitwayo benzopaireni, ikashikamana na nyama. Nyama yenyewe nayo, ikichomwa kwa moto mkali mno, huzaa sumu za namna nyingine. Sumu hizo zimewapatia wanyama wa maabara saratani. Kwa wanadamu ushahidi haujawa thabiti kama huo.

Kwa hiyo siku hizi hukata mafuta mengi kwanza. Hungoja makaa yavae jivu, kisha huyasukumia upande mmoja, ili mafuta yadondokee mahali patupu. Nyama huigeuza mara kwa mara, upande mmoja usije ukaungua. Palipoungua hupakata kwa kisu nikapatupa, huku mwanangu akinung'unika, maana alikuwa amekwisha kupachagua.