Bafle ya klabu yetu ilivyorudishiwa sauti

Wengi mmeniuliza kwa nini bafle ya klabu ya wasikilizaji, ile inayowekwa chini ya hema karibu na bomba la maji, ilinyamaza siku mbili juma lililopita. Haikuibiwa. Tuliifungua na kubadilisha ukingo wa sponji wa wufa. Kwa kuwa bafle za namna hii ziko nyingi kwa wahami na katika mitaa ya hapa Bunia, nitaeleza kazi yenyewe.

Ugonjwa ulianza na mlio wa kukwaruza. Muziki ulipopigwa, watu walicheka tu. Lakini jioni tunasoma majina ya watoto wanaotafuta wazazi, na kutangaza ni bloku gani itapokea unga siku gani. Mama mmoja alinifuata akaniambia, “Mwanangu, ulisema bloku ya tatu ao ya tano? Mimi nilisikia zzz tu.” Alikuwa amepanga mstari asubuhi nzima siku isiyo yake. Sauti ya mwanaume inashuka chini, na huko chini ndiko wufa inafanya kazi. Ikiharibika, maneno yanaliwa.

Ukiondoa kitambaa cha mbele utaona koni ya karatasi nyeusi, na kuizunguka kuna pete laini yenye mgongo wa mviringo. Hiyo pete ni sponji. Kazi yake ni kuiachia koni iende mbele na nyuma bila kuyumba pembeni. Jua, joto na unyevu vinaila pole pole hata kama bafle haipigwi, mpaka unaigusa kwa kidole inabaki kama unga mzito. Yetu ilikuwa imepasuka karibu nusu ya mzunguko. Koni iliegemea upande mmoja, na bobini, yaani waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni ndani ya sumaku, ikawa inasugua chuma. Ukiendelea kupiga namna hiyo, waya unachubuka, unaungua, na hapo hakuna sponji itakayokusaidia.

Ndiyo maana fundi mzee tuliyemwendea hakuanza na kole. Alianza kwa kupima bobini na kipimo cha umeme. Wufa yetu imeandikwa omu 8, kipimo kikaonyesha 6 na kitu. Hiyo ni kawaida; bobini nzima husoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Kama sindano haisogei kabisa, waya umekatika. Halafu akaweka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, akasukuma sawa sawa na polepole. Koni iliposhikwa katikati ilishuka kimya. Kwa hiyo bobini ilikuwa haijavimba wala kupinda. Ilikosa tu kitu cha kuishika mahali pake. Kama ingekwaruza hata ikishikwa katikati, angeturudisha nyumbani na makuta yetu.

Sponji mpya ilitoka Kampala kwa mchuuzi mmoja: pakiti yenye pete mbili, chupa ndogo ya kole nyeupe inayokauka ikiwa laini, na kaburashi. Msinunue kwa kusema “inchi 8” peke yake. Bafle mbili za inchi 8 zinaweza kuwa na koni zisizolingana. Sisi tulipima rula juu ya wufa yenyewe: ukingo wa nje wa sponji sentimita 19 na nusu, koni sentimita 15 na nusu. Tundu la ndani la sponji linapaswa kuwa dogo kuliko koni, ili pawe na mahali pa kushikana. Angalia pia kama sponji ya zamani ilikaa juu ya koni ao chini yake, na uifuate hivyo hivyo.

Usafi ndio uliochukua muda kuliko yote. Tulibandua pete ya kartoni ya nje bila kuivunja, tukakwangua sponji iliyooza na kole ya zamani kwenye chuma. Kwenye koni tulitumia kucha na kitambaa chenye alikoli kidogo sana, maana ni karatasi, ukiiloweza inajikunja. Palipobaki kole ngumu tulipaacha palipo laini kwa kidole. Kulazimisha ni kuitoboa.

Sasa kuweka koni katikati. Nafasi kati ya bobini na chuma ni nyembamba kama kucha, na jicho haliwezi kuipima. Fundi alikata kofia ndogo ya katikati kwa wembe, akizunguka pembeni yake bila kugusa nyaya mbili nyembamba zinazopita karibu. Chini yake unaona nguzo ya chuma na bobini ikiizunguka. Akachukua picha ya zamani ya radiografia ya kifua (ya nani sikuuliza), akakata vipande 4 vya upana wa sentimita 1, akaviingiza kati ya nguzo na bobini kama saa 6, saa 9, saa 12 na saa 3 za ukutani. Vinapaswa kuingia kwa kubana kidogo. Vikilegea, anaongeza unene, vikikataa, hasukumi. Vikishakaa vyote, koni haina pa kwenda isipokuwa katikati.

Kole ilipakwa kwanza upande wa koni, ikaachwa saa nzima ikashika. Ndipo upande wa chuma, na vibanio vya nguo kuzunguka pete yote. Kijana mmoja wa klabu alitaka kole ya washona viatu kwa sababu inakauka upesi. Ndiyo ubaya wake: inashika palepale, sponji ikikaa kombo huwezi tena kuisogeza. Ile nyeupe inakupa dakika kadhaa za kurekebisha. Na wale wanaokata mpira wa baiskeli badala ya sponji, bafle yao italia, lakini mpira ni mzito na mgumu. Koni haitembei, na sauti ya chini inapotea.

Tulingoja mpaka siku ya posho jioni, zaidi ya saa 24, maana ilinyesha na kole haikauki haraka kwenye baridi. Vipande vikavutwa kimoja kimoja. Fundi akasukuma tena koni akiweka sikio karibu: kimya. Ndipo akarudisha kofia kwa kole, akafunga nyaya akifuata alama nyekundu ya chanya aliyoiweka mwanzoni. Kofia unairudisha mwisho, kwa sababu ukisikia mkwaruzo ukiwa umeshaifunga, utaikata mara ya pili.

Gharama yote, pete na mkono wa fundi, ilikuwa chini ya nusu ya bei ya wufa mpya sokoni. Jioni ile nilisoma majina ya watoto 7. Kwenye jina la nne mwanaume mmoja aliinuka nyuma kabisa, karibu na mashimo ya maji machafu, akaomba lirudiwe pamoja na jina la kijiji. Nililirudia. Alikwenda na mama kiongozi wa klabu kuandikisha.

Pete ya pili imebaki. Tumeifunga ndani ya bahasha, ndani ya sanduku la mbao, mbali na jua. Bafle nayo sasa inafunikwa kitenge mchana, na haiwekwi tena upande wa hema unaopigwa na jua la saa nane.